Majina Niliyoyafuta Kwenye Mabano

Mimi na fujo hatukai nyumba moja. Nilipoajiriwa kutunza nyimbo katika redio ndogo hapa Garissa, nilikuta faili kama elfu nne za kanda za zamani zimerundikwa kwenye kompyuta. Mwimbaji mmoja ana folda tano. Albamu ya bendi imegawanyika vipande kumi, kwa sababu kila wimbo una mwimbaji wake. Nikakunja mikono ya shati. Folda ya msanii, ndani yake albamu na mwaka, kisha namba na jina la wimbo. Kwenye nafasi ya msanii wa albamu nikaandika jina la bendi, vipande vikaungana. Majalada ya kanda nikayapiga picha, yote mraba, saizi moja.

Majina ya faili yalikuwa marefu, yana mabano mwishoni. Nikaiamuru programu ifute kila kilichomo kwenye mabano, kisha ijaze taarifa za nyimbo kutokana na majina mapya. Dakika mbili tu, safi kabisa! Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Wiki ileile akaja mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni.

"Wewe ndiye unaandika nyimbo?" akauliza. "Siku hizi mtangazaji anasoma mwimbaji tu. Maneno ni ya marehemu baba yangu! Mama yangu macho haioni tena. Kila asubuhi anangoja redio iseme hiyo jina."

Wallahi, kosa lilikuwa langu. Kwetu mshairi hutajwa kwanza, mwimbaji baadaye. Na mimi, mtoto wa hapahapa, nimewafuta washairi wote kwa sababu walikuwa kwenye mabano. Nakala ya akiba? Sikuweka. Kiburi kitupu.

"Keti, eedo," nikamwambia, kama ninavyomwita shangazi yangu. "Litarudi leo."

Nilijua pa kulitafuta. Kwenye kanda hizo mtangazaji wa zamani hutaja majina kabla ya ala kuanza. Mimi nilikuwa nimeweka alama ili wimbo uanzie kwenye ala. Sauti yake haikukatwa, ilirukwa tu. Nikaondoa alama. Jina la baba yake likasikika, wazi. Yule mama akajifunika uso kwa shungi.

Nikaliandika kwenye nafasi ya mtunzi wa maneno, nikambana fundi wetu wa mitambo mpaka skrini ya studio ikaonyesha nafasi hiyo juu ya mwimbaji. Asubuhi iliyofuata mtangazaji akalisoma. Nilikuwa nimekwenda kwa yule muuza maziwa makusudi, nimeketi mkekani karibu na mama yake asiyeona. Nilitarajia dua, labda na kikombe cha maziwa.

Aliposikia jina la mumewe alitabasamu, akalirudia polepole. Kisha akanigeuzia uso.

"Na wale wengine," akauliza, "wake zao wanangoja mpaka lini?"

Nikaaga hapohapo. Leo niko wimbo wa mia sita na kumi, nasikiliza mmoja mmoja.