Mifuko Mitano Iliyobaki

Felicitas alikuwa mtunza stoo kwenye ujenzi wa zahanati ya kijiji cha ujamaa, Buganguzi. Kila Jumamosi alimpelekea meneja wa mradi, aliyekaa mjini Bukoba, muhtasari wa vifaa. Wiki ile ukuta wote ulikamilika. Saruji iliyokadiriwa ilikuwa mifuko ishirini, iliyotumika kumi na mitano. Chini yake aliandika: "Nahofia mchanganyiko ni hafifu. Naomba uje ukague."

Meneja akajibu: "Hongereni kwa kubana matumizi!"

Hongera gani hiyo? Mvua ilinyesha, ukuta ukamwangukia fundi Karugendo, akafa.

Walimzika kibanjani kwake, katikati ya migomba. Katika muhtasari uliofuata Felicitas aliandika: "Saruji ya kaburi. Iliyokadiriwa: hakuna. Iliyotumika: mifuko mitano."