Jinsi Zilpah Nabwire Alivyofidia Matanga

Zilpah Nabwire wa Matungu hauzi kuku kwa bei uliyokuja nayo. Pale sokoni Ekero wanamjua. Ukimtajia bei ya kijinga hakutukani. Anakuuliza tu umepitia wapi ukaona kuku wa bei hiyo, na kufikia hapo wewe ndiwe unayejieleza. Nayataja haya mapema ili mtu asije akadhani yaliyompata chuoni aliyashinda kwa bahati.

Alijiandikisha katika chuo kimoja cha kibinafsi mjini Kakamega, kozi ya kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani. Ni kozi ndefu, karibu mwaka mzima, na wengi darasani walikuwa rika la binti yake Mitchel. Sheria walisomewa siku ya kwanza. Asiyehudhuria asilimia themanini ya saa za muhula hafanyi mtihani. Anarudia muhula huo na kundi linalofuata. Na mafunzo ya vitendo, yale ya kumwinua mgonjwa, kumwosha kitandani, kumgeuza asipate vidonda, hayo ni lazima yote, hata moja lisikosekane. Kila mtu aliitikia. Siku ya kwanza watu huitikia mambo mengi.

Muhula wa pili baba mkwe wake akafariki. Kwao, mke wa mtoto wa boma hafiki matangani kama mgeni. Anafika msiba ukitangazwa, anapika mpaka mazishi, na baada ya mazishi anabaki hadi watu wa nyumba wanyolewe nywele, ndipo afunge mzigo wake. Zilpah hakutoroka. Alipeleka barua ya naibu wa chifu ofisini, akaandikiwa ruhusa. Aliporudi tu, malaria ikamlaza, naye akapeleka karatasi ya hospitali, akaandikiwa ruhusa nyingine. Ignatius, kijana wa darasani aliyekuwa akikosa masomo apendavyo, alimcheka kwamba mama huyu ataomba ruhusa hata ya kupiga chafya.

Kosa lake lilikuwa moja, na wengi wa huku wangelifanya. Kwetu mtu akipewa ruhusa ya matanga, siku zile ni zake. Mwajiri akimkata, kijiji kizima kitamsema mwajiri. Kwa hivyo Zilpah aliamini siku za ruhusa zilihesabiwa kana kwamba alikuwepo. Hesabu ya mahudhurio ilipobandikwa, wiki chache kabla ya muhula kufungwa, jina lake lilikuwa chini ya mstari wa asilimia themanini, jirani na la Ignatius.

Akamwendea Mwalimu Chebet, msimamizi wa kozi.

"Mwalimu, mimi niliomba ruhusa. Zote ziko kwa faili."

"Ziko, Mama Mitchel. Nimeziona."

"Sasa mbona mnaniweka na watoro?"

"Hatujakuita mtoro. Ruhusa inasema hukutoroka. Haisemi ulikuwa darasani."

Akaongeza kwamba mgonjwa atakayeinuliwa vibaya hatauliza kama siku ya somo hilo mhudumu alikuwa na sababu nzuri.

Mwingine angelia hapo, au angekwenda kumleta mume aje kubembeleza. Zilpah aliuliza swali la mfanyabiashara: basi ruhusa ina faida gani? Chebet akamweleza. Aliyekosa kwa ruhusa anaweza kufidia. Anahudhuria somo lile lile alilokosa, kwa saa zile zile, mwalimu aliyemfundisha anatia sahihi, na kukosa kule kunageuzwa kuwa kuhudhuria. Aliyekosa bila ruhusa hana nafasi hiyo. Tena muhula ukishafungwa, hakuna kufidia tena, hata ukiwa na ruhusa ya dunia nzima.

"Kumbe ni kama risiti ya soko," Zilpah akasema. "Inaniingiza na kuku wangu. Kuuza ni juu yangu."

Kisha akaanza kazi anayoijua. Alikuwa amegundua kwamba kundi la jioni liko nyuma ya kundi lake, na masomo ya nadharia aliyokosa bado hawajayafikia. Akaomba aketi nao. Chebet akakubali. Mafunzo ya vitendo yalibaki ya Jumamosi, siku ambayo chumba cha vitanda huachiwa wanaofidia. Zilpah akapendekeza amalize kuinua na kuosha kwa kipindi kimoja. Chebet akakataa: saa kwa saa. Zilpah akaja kwa upande mwingine, kwamba alimuuguza baba mkwe kwa muda mrefu na mikono yake imeshazoea. Basi utafanya vizuri, Chebet akamjibu, na utabaki mpaka saa iishe. Huyu mama anajua bei inapokuwa ya mwisho, na hapotezi mate baada ya hapo.

Jioni zikapita salama. Jumamosi ya kwanza pia. Ikabaki moja, ya mwisho kabla ya muhula kufungwa, na huku kwetu Jumamosi ni siku ya kuzika. Binamu wa mumewe akafa, akapangiwa kuzikwa siku hiyo hiyo, katika boma lile lile.

Mumewe Lazarus, mkata miwa, alishika kichwa. Alisema watu watamcheka: mke wake alikosa shule kwa sababu ya matanga, sasa anakosa matanga kwa sababu ya shule. Zilpah akamwambia ndivyo hasa ilivyo. Lazarus akamsihi aombe ruhusa tena, si huwa wanampa tu.

"Ruhusa watanipa," Zilpah akasema. "Jumamosi nyingine ndiyo hawana."

Hakumtuma mume. Alikwenda mwenyewe kwa mama mkwe, Nasambu, mjane ambaye nguo zake za msiba zilikuwa bado mpya. Akamwekea mapatano mezani: Alhamisi na Ijumaa atakuwa jikoni, kuku atatoa yeye, kuni na maji juu yake. Jumamosi asubuhi ataondoka kabla ya ibada, na Mitchel atahudumia meza ya wakwe.

Nasambu akamuuliza:

"Na ukianguka huo mtihani baada ya kutuacha hivyo?"

"Hapo mnisemange mpaka mchoke, mama. Mtakuwa na haki."

"Jioni urudi uoshe sufuria. Zote. Sitaki mtu akusaidie."

"Nitaosha."

Akapika siku hizo mbili, obusuma, yaani ugali, kwa masufuria makubwa, na Jumamosi akafika chuoni kitambaa chake kikinuka moshi. Ignatius naye alikuwa mlangoni, akitoa habari za nyanya yake aliyezikwa mwanzo wa muhula. Chebet alimuuliza ruhusa ya wakati ule iko wapi. Haikuwepo, kijana akaenda zake.

Ndani, Zilpah alimgeuza mgonjwa wa sanamu kwa kumvuta mkono, kama tunavyofanya majumbani. Chebet akamsimamisha, akamwonyesha kushika bega na nyonga, akamrudisha mwanzo. Yule aliyejisifu mikono yake imezoea hakubisha. Akarudia mpaka ikawa sawa, akaosha, akatandika, akabaki hadi saa ikaisha. Sahihi ikatiwa.

Jioni akaosha sufuria. Wake wengine wa boma walikuwa wamekaa kando wakiulizana kama daktari amefika. Akasugua. Mmoja alipoinuka kumpokea, Nasambu akamwambia akae.

Hesabu ya mwisho ilipobandikwa, jina la Zilpah lilikuwa juu ya mstari, lakini kwa kidogo sana. Kipindi kimoja kingepungua, angebaki nje. Hakupiga kigelegele. Aliuliza mtihani unaanza saa ngapi na kama anayechelewa hufungiwa. Akaambiwa hufungiwa. Siku ya mtihani mlinzi wa chuo alimkuta getini, ameketi juu ya mkoba wake, akingoja kufunguliwa.