Ukurasa wa Ramani ya Nyumba

Nasike aliwatengenezea watu tovuti akiwa kwenye chumba chake cha kupanga, mtaa wa Migosi, Kisumu: shule, saluni, makanisa. Kazi ya Harleen ilikuwa tofauti. Huyu mama aliendesha nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Alitaka anayetafuta msaada kwenye Google aipate nambari yao ya simu. Nyumba yenyewe iko wapi, hiyo ilikuwa siri.

Tovuti ilikuwa tayari hewani, bado tu kuwasilishwa Google. Asubuhi hiyo Nasike alianza na vichwa vya kurasa. Vyote vilisema "Mwanzo", akaupa kila ukurasa kichwa chake: "Msaada kwa Wanawake Kisumu", "Piga Simu Sasa". Kisha akafungua sitemap, faili inayotaja anwani za kurasa ili Google izifikie. Programu ya tovuti ilikuwa imeiandika yenyewe. Akasoma hadi chini. Kulikuwa na ukurasa asioujua: ramani-ya-nyumba.

Akaufungua. Picha ya geti. Njia ya kufika hapo kutoka mtaa wa Kondele. Majina ya wanawake.

Akampigia Harleen.

"Niliuweka kwa ajili ya dereva wetu, Wakoli," Harleen alisema. "Lakini sikuuweka kwenye menyu! Si uandike tu ile sheria ya robots, Google isiingie?"

"Hapana, madam. Robots ni faili ya kuziomba mashine za Google zisisome, haifungi mlango. Na faili yenyewe mtu yeyote anaweza kuifungua. Nikiandika humo anwani hii, nitakuwa nimemwonyesha pa kutafuta."

"Basi ufute! Ufute sasa hivi!"

Nasike akaufuta, na picha nayo. Akajaribu anwani kwenye simu yake: haipo. Sitemap ikajiandika upya bila ule mstari. Ndipo akakagua kumbukumbu za seva, zinazoonyesha kila ukurasa uliofunguliwa, akitamani asikute kitu. Ukimwondoa yeye na Harleen, ukurasa ulikuwa umefunguliwa mara mbili. Mara moja ni simu ya Wakoli, aliyethibitisha saa aliyoingia. Ya pili hakuna aliyeijua.

Nasike akamrudia Harleen kwenye simu. "Madam, huenda ni mashine tu inayozurura mtandaoni. Siwezi kukuapia."

Nyuma ya Harleen mtoto alikuwa akicheka.

"Kati ya wanawake wetu yuko Beldina," Harleen akanong'ona. "Mume wake alishawahi kumfuata mpaka kwa mama yake." Akavuta pumzi. "Tunahama leo."

Kufikia jioni nyumba ilikuwa tupu. Wakoli aliwapeleka mahali ambapo Nasike hakuuliza wala hakuambiwa. Nasike alihakikisha faili ya robots haizuii ukurasa wowote kimakosa, inataja tu sitemap ilipo, akaisoma sitemap mstari kwa mstari, kisha akaiwasilisha Google.

Aliyeufungua ukurasa mara ya pili hakujulikana kamwe. Baada ya siku chache mwanamke mmoja alimpigia Harleen simu kuomba msaada, akasema ameipata nambari kwenye Google. Harleen alipomweleza Nasike habari hiyo, Nasike alikaa kitako sakafuni, akalia.