Aya ya Shukrani

Barua ile ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mpaka leo naikumbuka yote, hata pale nukta za taipureta ya shangazi zilipotoboa karatasi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, msichana wa Busia mwenye kiherehere. Wenzangu walinichagua kiongozi wa darasa kwa sababu sikuogopa kusema. Mdomo wangu haukumponza mtu. Kilichoponza ni maandishi.

Shida yetu ilikuwa programu ya takwimu. Mwalimu alikuwa ameipata na leseni ya mashine kumi na mbili, disketi sita ndani ya bahasha, akatuambia zoezi la mwisho lifanywe kwayo. Asiyefanya zoezi hana alama, na asiye na alama anarudia mwaka. Lakini kompyuta za maabara zilikuwa zimefungiwa wanafunzi. Ukiingia kwa jina lako unaandika, unachapisha, basi. Ukijaribu kuweka programu mpya, mashine inakwambia huna ruhusa, mwone administrator. Administrator alikuwa mkuu wa kituo cha kompyuta, na yeye hakuwa mtu wa kuonwa. Aliandikiwa.

Kabla sijaandika, mtunza maabara alituonea huruma. Alikuwa mtu wa Angurai, baba wa watoto watatu, mpole. Alifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu huku akingoja kuajiriwa moja kwa moja, na mwaka huo alikuwa ameahidiwa. Mkuu alikuwa amemwachia paswadi ya administrator kwa sababu ya printa, iliyokuwa ikigoma kila wiki.

"Dada, leta hizo disketi," aliniambia mchana mmoja maabara ikiwa tupu. "Tujaribu kwa hii namba nne peke yake. Lakini hii paswadi nilipewa ya printa tu. Unaskia?"

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Aliziba kibodi kwa mkono wake, akaandika, tukaingiza disketi moja baada ya nyingine. Alipomaliza alijitoa kwenye mashine, nami nikaingia kwa jina langu kama mwanafunzi yeyote. Programu ilifunguka vizuri, lakini nilipotaka kuhifadhi kazi ikakataa. Alijikuna kichwa, akarudi kama administrator, akapekua mpaka akaona kwamba programu inahifadhi kazi ndani ya folda yake yenyewe, na wanafunzi hawakuwa na ruhusa ya kuandika humo. Akafungua ruhusa ya folda ile moja. Nikajaribu tena, ikakubali, tukacheka kama watoto.

"Sasa andika barua waweke kwa zote," alisema. "Na uwaambie hiyo mambo ya folda, ama watasumbuka bure."

Wikendi hiyo nilikwenda nyumbani Busia, nikampelekea shangazi rasimu yangu. Alikuwa na meza na taipureta karibu na forodha, akiwapigia mawakala barua za kuombea mizigo yao. Barua zake zilikuwa zikisomwa na maofisa, na yeye alilijua hilo akalivaa kama kitenge kipya.

Aliisoma yangu mara moja. Jina la programu, idadi ya mashine, leseni, jina la somo, tarehe ya zoezi, ile habari ya folda: vyote vilikuwemo.

"Hii imekauka," alisema. "Huyu mtu alikusaidia, hujamshukuru?"

"Nimesema tulijaribu kwa mashine moja, senge," nikamjibu, kama tunavyomwita shangazi kwetu.

"Tulijaribu ni nani? Mtu akikusaidia, mtaje jina mbele ya mkubwa wake. Ndiyo kupanda kwake. Hawa mawakala wote wanafanya hivyo, na vijana wa forodha wanafurahi."

Nikaona ana haki. Nikamtungia aya ya shukrani: kwamba bwana fulani, mtunza maabara, kwa moyo wa kujitolea, alituwekea programu kwenye mashine namba nne akitumia paswadi ya administrator, na kwamba chuo kina bahati kuwa naye. Nilijipongeza kwa maneno hayo. Nilijua kabisa paswadi ile ilikuwa ya printa, lakini sentensi ilikuwa tamu, na mimi nilipenda sentensi tamu.

"Nakala?" shangazi akauliza, vidole tayari.

"Za nini?"

"Barua isiyo na nakala inalaliwa. Mkubwa akiona wenzake wameipata, ataamka."

Tukaweka nakala kwa mwalimu, kwa mkuu wa idara, na kwa msajili wa chuo.

Kweli aliamka. Wiki mbili hazikuisha, programu ikawa kwenye mashine zote kumi na mbili, folda zote zimefunguliwa sawasawa. Wenzangu walinibeba juujuu. Mtunza maabara alinipa mkono mlangoni akasema, "Dada, wewe unajua kuandika barua." Hakuwa ameisoma. Barua za mkuu hazikupita kwake.

Kilichofuata kilitoka kwenye ile nakala ya msajili. Msajili aliuliza ni vipi kibarua alikuwa na paswadi ya administrator. Mkuu, badala ya kusema ni yeye aliyempa, alisema imetumiwa vibaya. Haya niliyajua kwa sababu niliitwa ofisini, nikaulizwa kama niliyoyaandika ni kweli. Nilisema ni kweli, lakini alitaka kutusaidia. Mkuu aliandika lile neno la kwanza tu.

Mwisho wa mwezi mkataba wa mtunza maabara haukuendelezwa. Nilimkuta akitoa koti lake nyuma ya mlango wa maabara.

"Wanasema habari imefika ofisini," aliniambia. "Sijui ni nani alinisema. Siku hiyo tulikuwa wawili tu hapa."

Alinitazama bila kunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikasema, "Pole sana." Nilikuwa na nafasi ya kusema mengine. Nilikuwa mwoga, nikaenda kufanya zoezi langu, nikapata alama nzuri.

Baada ya mitihani nilimkuta Malaba, penye maegesho ya malori, akiwajazia madereva fomu kwa vijisenti. Alifurahi kuniona.

"Dada, Mungu amekuleta. Nataka kuomba wanirudishe. Niandikie, wewe barua zako hazirudi bure."

Ningekataa vipi? Kesho yake alikuja Busia, tukaketi mbele ya mashine ya shangazi. Nilitunga, shangazi akapiga. Nilieleza kwamba paswadi alipewa na mkuu mwenyewe, kwamba hakuharibu kitu, kwamba kazi yake ndiyo iliyorahisisha ile ya mashine zote. Ilikuwa barua nzuri kuliko ile ya kwanza. Shangazi alikuwa ameshaelewa huyu ni nani, na kwamba hajui. Alikuwa akipiga polepole, yeye ambaye hakujua polepole.

Tulipofika mwisho, yule bwana aliinua mkono.

"Mama, ngoja. Ongeza hapo chini. Iseme namshukuru huyu dada, kwa jina lake lote, kwa vile amesimama na mimi."

Vidole vya shangazi vilisimama. Alinitazama. Nilijua barua hiyo itawekwa faili gani, na barua gani itakuwa chini yake, yenye jina lile lile kwenye sahihi. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo sasa hivi, yule bwana atajua yote hapo alipoketi, juu ya kiti cha mbao, na kofia yake magotini.

"Anaandikwaje jina?" shangazi akaniuliza, kana kwamba halijui.

Nikamtajia, herufi kwa herufi.