Wiki ya siku nane

Hasira ile bado ninayo. Nimeishi miji mingi, nimefukuzwa vibarua vingi, nimelala njaa na nikasahau. Jumapili ile ya Sumbawanga sijaisahau.

Nilikuwa nimepanga chumba Mazwi, kwa mama mmoja mjane ambaye ukoo wao ulihamia Rukwa na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi. Ng'ombe wale walikuwa wameisha kwa magonjwa na matanga. Alibaki na mtamba mmoja tu, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mwenye mimba. Alimfunga nyuma ya nyumba, na asubuhi kabla hajanijibu salamu alikuwa ameshazungumza naye. Watoto wake wawili walikuwa shule. Karo, daftari, viatu, vyote alivipangia juu ya maziwa ya mtamba yule ambayo hayajatoka.

Mwezi wa kwanza mahindi yake ya nje ya mji yakaanza kuwa njano. Yalihitaji mbolea ya kukuzia, na mvua za Ufipa hazimsubiri mtu. Zamu yake ya upatu ilikuwa mbele wiki sita. Akaamua kukopa kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mzee mwenye mashine ya kusaga, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikopesha watu wa mtaa kwa riba ya asilimia moja kwa siku. Nilimjua vizuri, kwa sababu nilikuwa mlinzi wa mashine yake. Nililinda usiku, nililala mchana, na jioni nilisoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini udadisi haukuniacha. Ndiyo maana mama aliniita niandike mkataba.

Tulikaa barazani kwa mzee, Jumapili, baada ya misa.

"Asilimia moja kwa siku maana yake nini, mwanangu?" mama aliniuliza.

"Kwa kila shilingi mia, shilingi moja kwa siku. Kwa laki mbili ni elfu mbili kwa siku."

"Na riba yenyewe inazaa riba?"

Mzee alicheka. "Hapana, mama. Mimi si mwizi. Riba ni ya laki mbili tu, mwanzo mpaka mwisho. Elfu mbili leo, elfu mbili kesho, haikui."

Nikamweleza kwamba siku ya kuchukua fedha haihesabiwi. Siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa sababu ndipo fedha inakuwa imekaa kwake siku nzima. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Mara elfu mbili, elfu themanini na nne. Pamoja na mtaji, laki mbili na themanini na nne elfu. Mama alizihesabu kwa midomo. Zamu ya upatu laki mbili na nusu, na elfu thelathini na nne angezipata kwa kuuza kuku. Ikatosha kabisa, bila kubaki hata senti ya chumvi.

Rehani ilikuwa mtamba. Angekaa kwenye zizi la mzee, na mama ndiye angempelekea majani kila siku. Deni lisipoisha lote Jumapili ya mwisho, mtamba ni wa mzee.

Niliandika: "Wiki sita." Hapo ndipo nilipokosea. Sikuandika siku arobaini na mbili, wala tarehe. Nani angedhani wiki inahitaji maelezo?

Kuanzia Jumatatu mama alikata majani bondeni, akayabeba kichwani huku matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Kila siku mzigo mmoja. Nilikutana naye asubuhi nikitoka lindoni, baridi ikitoa moshi mdomoni mwake. Nikijaribu kumsaidia alikataa. "Huyu anataka kunusa mkono wangu, asije akanisahau."

Jumapili ya mwisho alivaa kitenge chake kizuri. Fedha alizifunga kwenye kona ya leso. Tukaenda barazani kwa mzee, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akazihesabu mara mbili, akilowesha kidole.

"Zimepungua," alisema.

"Ngapi, mzee?" mama aliuliza.

"Elfu kumi na mbili. Siku ni arobaini na nane."

Nilidhani anatania. Nikacheka, peke yangu.

"Arobaini na nane zimetoka wapi?"

Akanyoosha vidole. "Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ngapi hizo? Nane. Nane mara sita ni arobaini na nane. Elfu tisini na sita. Wewe si ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Jumapili umeihesabu mara mbili! Inafunga wiki hii, halafu inafungua wiki nyingine. Na ile ya kwanza kabisa haihesabiwi."

"Mimi nahesabu hivi tangu ujana wangu, na watu wanalipa. Jumapili hadi Jumapili ni siku nane. Leteni elfu kumi na mbili kabla jua halijazama, au mama aende nyumbani na fedha zake, aniachie ng'ombe."

Mama alitazama zizini. Mtamba alikuwa amemwona, anasukuma mti wa lango kwa kifua. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Elfu kumi na mbili! Bei ya kuku mmoja mnono. Kuku wote walikuwa wameshauzwa. Kwa bei ya kuku mmoja mtu alitaka kuchukua ng'ombe na ndama aliye tumboni.

"Twende kwa mwenyekiti," nilisema.

"Hata kwa mkuu wa mkoa," mzee alijibu, akavaa koti.

Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa mama wa makamo, mkali, anayechambua maharage uani kwake hata akiwa anasuluhisha ndoa. Alikuwa na mgeni mmoja, babu aliyekuja kuomba barua ya utambulisho, amekaa kwenye benchi na kofia magotini. Mwenyekiti alisoma karatasi yangu huku ungo uko mapajani.

"Wiki sita. Nani kaandika?"

"Mimi."

"Umeandika kama mtu anayekimbilia basi. Siku ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na nane," alisema mzee, na akarudia vidole vyake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushinda.

Mwenyekiti aliinama kidogo. Niliona ameyumba. Ukiangalia vidole vile haraka haraka, unaona kweli ni vinane. Ndiyo ubaya wa hesabu ile, ina sura ya kweli.

Ndipo mama alipofungua mdomo. "Mwenyekiti, mimi shule sijasoma. Lakini majani nimeyabeba mwenyewe. Mzigo wa kwanza Jumatatu, wa mwisho leo asubuhi kabla ya misa. Kila siku mzigo mmoja. Kamba ya kufungia nimeipiga fundo kila nilipotua." Akaitoa chini ya kitenge, kamba ya katani iliyojaa mafundo, akaiweka juu ya maharage. "Hesabuni."

Mwenyekiti alihesabu kwa sauti, fundo kwa fundo. Yakaishia arobaini na mbili.

"Labda siku sita ng'ombe hakula," mzee alisema.

"Siku gani?" mama aliuliza. "Nitajie hata moja."

Mzee akasema kazi ya kuhesabu majani si kazi ya kuhesabu fedha, na kwake wiki ni siku nane, basi. Na mimi, nikiwa nimekunja ngumi mpaka kucha zinaniuma, nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yangu muda wote.

"Mzee, mimi unanilipaje?"

"Unalipwa vizuri."

"Elfu nne kwa usiku. Kila Jumapili unanipa ngapi?"

Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Elfu ishirini na nane," nilimwambia mwenyekiti. "Saba mara nne. Jumapili hadi Jumapili, wiki tisa sasa. Kama wiki yake ina siku nane, anatudai nini? Mimi ndiye ninayemdai! Usiku tisa, elfu thelathini na sita. Anipe sasa hivi, na mama akate humo elfu kumi na mbili anazodaiwa."

Babu wa barua alitoa sauti ya kikohozi ambayo haikuwa kikohozi.

"Mshahara ni mshahara," mzee alisema, "mkopo ni mkopo."

"Ahaa," mwenyekiti alisema, akiweka ungo chini. "Kwa hiyo zipo wiki mbili mtaani kwangu. Wiki ya kutoa ina siku saba, ya kupokea ina nane. Chagua moja, mzee. Ukitaka ya nane, mlipe kijana hapa hapa mbele yangu. Ukitaka ya saba, hesabu fedha za mama na umfungulie ng'ombe wake."

Mzee alitazama vidole vyake kama vimemsaliti. Alichagua saba. Nilijua angechagua saba, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mpaka pale nilikuwa nimemwachia nafasi ndogo moyoni, kwamba labda amekosea, labda alifundishwa hivyo na baba yake. Lakini mtu asiyejua wiki ina siku ngapi angenilipa nane angalau mara moja.

Mwenyekiti aliandika nyuma ya karatasi: deni limekwisha, siku arobaini na mbili, laki mbili na themanini na nne elfu. Mzee akatia sahihi. Tulipoinuka, yule babu aliuliza, polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa kizito.

"Mwenyekiti, mwaka jana nilikopa kwake laki moja, wiki nne. Nililipa elfu thelathini na mbili za riba. Ilikuwa nilipe ngapi?"

Babu alikuwa ameshaanza kujihesabia kwenye ukingo wa kofia.

"Ishirini na nane, babu," nilisema.

"Elfu nne," alisema. "Niliuza debe la ulezi wa mbegu."

Mzee alikuwa ameshatoka nje ya ua.

Tulimfuata mpaka zizini. Alifungua lango bila kutuangalia, akasema kamba ya shingoni ni yake, tuiache. Kwa hiyo mama alimfunga mtamba kwa kamba ile ya mafundo, akaenda naye nyumbani, mkono wake ukilambwa njia nzima. Alikuwa anacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nawaza ni watu wangapi wa mitaa ya Mazwi na Chanji waliohesabu vidole vile barazani, wakaona nane, wakaenda kuuza mbegu.

Jioni ile sikwenda lindoni. Nilipeleka funguo za mashine, nikamwambia mzee anipe ujira wa usiku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa sababu usiku wa saba, wa Jumapili ile, sikuulinda. Alinihesabia elfu ishirini na nne, noti kwa noti, bila kukosea hata moja.