Fakitire Zilizonuka Tangawizi

Marehemu mume wangu alikuwa na duka la piyesi, yaani vipuri vya magari, pale mtaani Buyenzi, na kichwa kigumu kuliko piyesi zote alizouza. Mimi niliishia darasa la tatu, nikamwandikia daftari la duka. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kanzu nyeupe, aonekane tajiri.

Barua ya mkaguzi wa kodi ilipofika, nikafungua boksi la fakitire, zile ankara za manunuzi. Nusu tupu.

"Baba watoto, karatasi ziko wapi?"

"Si nilifungia wateja boliti na hizo karatasi? Ulitaka nifungie na shuka?"

Nikamweleza polepole, kama mtoto: kila faranga tuliyoandika kwamba tumenunulia mali inataka karatasi ya aliyetuuzia. Ikikosekana, mkaguzi anaifuta, anaihesabu ni faida, tunailipia kodi. Kwa boksi lile, duka lingekwisha.

"Usilie. Mi niko mwanaume."

Kesho yake nikamkuta uani. Amenunua kitabu cha fakitire tupu, amezijaza kwa mwandiko wake wa kuku, kisha amezichovya kwenye chai zizeeke. Chai ya tangawizi! Zimeanikwa kambani katikati ya soksi zake, majirani wanapita wanasalimia.

"We mutu, soma hapo juu."

Juu pamechapwa kwa Kifaransa: Jamhuri ya Burundi. Chini yeye kaandika tarehe za wakati mwami, mfalme wetu, bado yuko kwenye kiti, kabla ya jamhuri.

Akakodoa macho. "Mkaguzi hatasoma huko juu."

"Analipwa mshahara asome huko juu!"

Nilizikusanya zote, hata zile alizokwisha kuzificha ndani ya daftari la duka zikauke, nikazitia motoni. Kisha nikashuka bandarini kwa muuzaji wetu wa jumla. Karani wake alikuwa na nakala za kaboni. Nikamsomea namba za oda kutoka daftarini, akanitolea nakala za fakitire na risiti, akazipiga mhuri. Nyumbani nikabana pamoja oda, fakitire na risiti ya malipo, nikaandika namba moja pembeni mwa karatasi na kwenye mstari wake daftarini.

Mstari mmoja ukakosa mwenzake: matairi tuliyonunua kwa mtu mmoja mwenye mtumbwi kutoka Kongo, asiyetoa karatasi. Nikaandika, "Hakuna karatasi."

"Unatuchongea!" mume wangu akapiga kelele.

Mkaguzi akaja. Anaweka kidole kwenye mstari, namkabidhi karatasi. Anaweka tena, namkabidhi. Alipofika kwenye matairi akasoma, akatabasamu, akayafuta. Tukalipa kodi ya matairi tu, duka likabaki letu.

Kabla ya kuondoka akalinusa daftari. "Mbona linanuka tangawizi?"

Mume wangu akadakia, "Ni huyu mama watoto, mheshimiwa. Anakunywa chai juu ya kazi ya watu."

Nikaomba radhi mimi, kwa ajili ya duka. Jioni nikamtengea birika zima la chai ya tangawizi, bila mkate, bila wali. Akainywa yote, wala hakuuliza chakula.