Kiputo cha Mama Kwenye Simu

Katuni zetu huja kutoka ng'ambo zikiwa zimeshachorwa, viputo vya maneno vimekatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Kazi yangu, tangu nistaafu ualimu, ni kuvijaza Kiswahili kwa gazeti la vijana la kanisa. Kazi ya dada wa kompyuta, hapo ofisini kwetu Emali, ni kuniambia hayaingii.

Siku moja, kwenye katuni, alikuwepo mama akiongea na simu. Mwanawe yuko mjini, hajarudi miaka. Kizungu chake kilikuwa vijineno vya herufi tatu, nne, vimepandana vizuri ndani ya duara. Mimi nikaandika, "Nimekukumbuka sana, rudi nyumbani."

"Mwalimu," dada akasema, "hiyo 'nimekukumbuka' peke yake imetoboa kiputo pande zote mbili."

"Si uikate katikati?"

"Msomaji atajikwaa."

"Punguza herufi basi!"

"Nikipunguza hapa tu, itaonekana mama ananong'ona. Na nikipanua kiputo, nafunika uso wake."

Uso ule, hapana. Mchoraji alikuwa ameyashikilia machozi kwenye kope, hayajadondoka. Nikajaribu "Rudi" peke yake. Iliingia na nafasi ikabaki, lakini huyo alikuwa askari, si mama. "Nakutamani" je? Ala! Waachie wapenzi hayo. Dada akapendekeza "Nimekumiss". Nikamuuliza ni mama gani wa kwetu Kasikeu anaongea hivyo. Na hata hiyo ilipitiliza.

Nilikasirika nikasukuma kiti, na kusema kweli hasira haikuwa ya katuni. Binti yangu anafanya kazi Doha. Kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia, nimejiapiza kwamba leo nitamwambia nimemkumbuka mpaka kifua kinauma. Akishika simu, naishia kumuuliza kama amekula, na kama joto la huko limepungua. Mama yangu, mwaitu kama tunavyosema kwa Kikamba, naye alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kuniambia kwamba amenikumbuka, na sikuwahi kuwa na shaka.

Nikarudi kitini. "Andika, 'Umekula?'"

Akaandika. Neno likakaa katikati ya kiputo, likazungukwa na weupe, na uso wa mama ukabaki wazi.

"Na yale ya kurudi nyumbani je, Mwalimu? Si tumeyaacha nje?"

"Msome tena huyo mama."

Akamsoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Huyu ni mamangu kabisa," akasema, akatuma ukurasa kwa mchapishaji.

Kabla hajaufunga nikapiga picha skrini ile, nikamtumia binti yangu bila maelezo yoyote. Jibu lake lilinikuta mlangoni kwangu, nikitafuta ufunguo.

"Bado, mwaitu. Huku sishibi."